Picha Mbili Zilizokubaliana Mno

Mimi naitwa Vincent, na pale Mugumu ukitaka kuwekwa kwenye picha moja na mtu ambaye hamkuwahi kusimama pamoja, utaelekezwa kwangu. Sijisifu. Basi, najisifu kidogo. Juu ya mlango wa studio nimeandika kwa herufi nyekundu kwamba naunganisha waliotengana, na chini yake mke wangu Felistas, ambaye ni Mjaluo wa kule Sirari na ulimi wake haujui kupumzika, alitaka tuongeze kwamba pia tunauza soda baridi. Tuliongeza. Ukweli ni kwamba soda ndiyo inayotulisha.

Kazi yenyewe watu huidharau kwa sababu hawaijui. Wanadhani unachukua kichwa hapa, unakibandika pale, umemaliza. Wangejua! Kabla sijagusa chochote mimi huzipanga picha zote alizoleta mteja kwenye kompyuta na kuzipa nyota, kuanzia moja mpaka tano, na kila picha naiuliza maswali yale yale. Kamera ilikuwa wapi, juu ya uso, chini yake au sawa nao, na mtu amegeuka kiasi gani? Mwanga ulitoka upande gani, na ni jua kali linalochora kivuli chenye ukingo, au ni kivuli cha mti ambapo uso wote ni laini? Mwisho, picha ina ukubwa gani, yaani uso huo nikiuvuta ufike saizi anayotaka mteja, utabaki uso au utakuwa uji? Picha mbili zisipokubaliana katika hayo, hata uwe fundi wa namna gani, jicho la mtazamaji litakataa. Hatajua kwa nini anakataa, ila atasema, "Huyu kama amewekwa." Neno hilo mimi huniuma kuliko tusi.

Felistas husema nina ugonjwa mmoja: siulizi watu, nauliza picha. Zamani nilidhani ananisifu.

Gati alikuja studio siku ya mnada, mchana, watu wengi wakipita na mbuzi zao nje. Namfahamu kwa sura kwa sababu anauza mboga njia ya Morotonga. Mwanamke mrefu, mtulivu, anayesalimia halafu anangoja. Alitaka picha kubwa, saizi ya kalenda ya ukutani, yeye na marehemu Agustina wakiwa wamesimama pamoja. Mwaka ulikuwa unatimia tangu Agustina azikwe, kungekuwa na misa ya kumbukumbu nyumbani, na yeye hakuwa na picha hata moja ya wawili hao.

Agustina alikuwa nani kwake, hilo kila mtu wa hapa analijua, lakini wewe wa mbali nikueleze. Agustina aliolewa, akazaa binti tu, mume akafariki. Kwetu Wakurya mama wa namna hiyo anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, msichana azae watoto kwa jina la nyumba ile, na nyumba isife. Tunaita nyumba ntobhu. Gati alitolewa ng'ombe kwao Gorong'a akiwa msichana, akaja, akazaa, mkubwa wake anaitwa Mogesi na sasa ni kijana wa sekondari. Kwa miaka yote hiyo aliishi na Agustina boma moja, jiko moja. Alikuwa mkamwana wake, na watoto walimwita Agustina bibi.

Shida ilikuwa Sylvester. Huyu ni mtoto wa shemeji yake Agustina, alikaa Kenya siku nyingi, na bibi alipozikwa akarudi na mguu mmoja tayari ndani ya shamba. Maneno yake yalikuwa yamezagaa mpaka kwangu kwenye soda: eti ndoa ile haikukamilika, eti mama mzazi wa Gati aliikataa toka mwanzo, hajawahi kukanyaga pale hata siku moja, na ukwe usiokubaliwa na mama wa binti si ukwe. Kwa hiyo Gati ni mfanyakazi aliyekaa sana, na baada ya misa ya mwaka wazee wakae waseme shamba ni la nani. Mashahidi waliohesabu ng'ombe walikuwa wamekufa, na baba yake Gati naye amekufa. Gati alikuwa anangoja kusikia kama yeye na watoto watalala pale au watafungasha.

Hayo yote nilikuwa nayajua. Na bado, mtu alipokaa mbele yangu na mzigo wa namna hiyo, mimi nilimwambia niletee picha.

Akaniletea. Za Agustina zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kitambulisho, imekuzwa na kutolewa kopi. Mwanga wa fleshi usoni moja kwa moja, hakuna kivuli cha pua wala cha kidevu, uso bapa, mdogo kama ukucha. Nyota moja. Ya pili ilipigwa kwenye harusi na kijana mrefu aliyeinua simu juu ya vichwa vya watu, kwa hiyo bibi ana paji la uso kubwa na miguu midogo kama ya mtoto, na turubai la bluu limemfanya awe na rangi ya bluu. Rangi ningeweza kuirekebisha. Lakini pembe ya kamera hairekebishiki. Ukimweka mtu aliyetazamwa kutoka juu karibu na aliyetazamwa kutoka mbele, mmoja ataonekana yuko shimoni. Nyota moja, na hiyo ni huruma.

Ya tatu Gati aliitoa kwenye simu. Judith, binti wa Agustina aliyeolewa Busawe, alikuwa ameikuta picha ya mama yake kwenye sanduku baada ya msiba, akaiwekea fremu, na sasa ameipiga kwa simu ikiwa ukutani na kuituma kwa WhatsApp. Gati hakuwahi kufika Busawe tangu msiba, kwa hiyo naye alikuwa anaiona kwa mara ya kwanza. Imepigwa kwa mshazari, kioo kinaonyesha mlango na kuku aliyesimama mlangoni, na WhatsApp imeibana mpaka ikabaki na vijipikseli vya kuombea. Hata hivyo nyuma ya yule kuku nikaona kitu. Jua la kweli, kivuli cha pua kimeshuka vizuri upande wa kushoto wa picha, ukingo wake mkali. Bibi yuko hai pale. Nikaipa nyota moja kwa ubora na nikaandika pembeni: kuna dhahabu, ichimbwe upya.

Za Gati mwenyewe zilikuwa nyingi, nyingi za kujipiga, pua mbele masikio nyuma, kama simu ilivyo ukiikaribia mno. Nikazitupa zote kundi la nyota moja. Halafu kulikuwa na moja ya karatasi, ya zamani, ya studio za filamu. Gati akiwa msichana, amesimama mbele ya ukuta wa nyumba, gauni la maua, anatabasamu kwa woga. Picha ilikuwa nyembamba kuliko kawaida, upande mmoja umekatwa kwa mkasi, na begani kwake, upande huo uliokatwa, kulikuwa na vidole vinne vya mtu.

Aliiweka mezani kifudifudi kwanza. Nilipoigeuza akasema tu kwamba alipewa nyumbani kwao. Sauti yake ilishuka, macho akayapeleka kwenye friji ya soda. Mtu mwenye akili angeuliza. Mimi nilikuwa ninachungulia kivuli cha pua.

Nikampigia Judith Busawe. Nikamwelekeza kwa upole wa daktari: toa picha kwenye fremu, usiipige ndani, toka nje ukae kivulini, iweke chini kabisa, simama juu yake simu ikiwa sambamba nayo, usitumie fleshi, na ukituma itume kama dokumenti, WhatsApp isiibane. Alinielewa mara moja, jambo lililoniudhi kidogo kwa sababu nilikuwa na maelezo zaidi. Picha ikaja. Jamani, ilikuwa nzuri! Mikunjo ya uso yote, shanga za shingoni, mpaka nyuzi za kitenge. Na kwa kuwa fremu imeondoka, ukingo uliokuwa umefichwa ukaonekana: bibi alikuwa amenyoosha mkono wa upande mmoja, na karatasi ilikuwa imeishia kwenye kifundo cha mkono. Nikaandika nyota nne. Ya tano nikaizuia kwa sababu ya mkono huo usio na kiganja. Fundi asiyejua kunyima nyota si fundi.

Sasa kazi ikabaki kumpata Gati wa kumfaa bibi. Njia ya kawaida, na ndiyo ninayowashauri vijana wote ambao hawajaniuliza, ni kuchukua picha usiyoweza kuipiga tena ukaifanya bwana, halafu mtu aliye hai ukampiga upya aendane nayo. Marehemu hageuki; aliye hai anageuka. Ningemsimamisha Gati nje, jua likiwa upande ule ule, kamera usawa wa kifua kama ilivyokuwa kwa bibi, kwa sababu kidevu chake kilionekana kidogo kutoka chini. Lakini Gati alinikatalia. Alitaka awe vile alivyokuwa alipokuja. Alisema bibi alimpenda akiwa vile.

Basi nikairudia ile ya karatasi. Nikaiskani kwa ubora wa juu mpaka skana ikaguna. Nikaanza kukagua.

Kivuli cha pua: kimeshuka kushoto kwa picha. Ukingo: mkali. Nikakipima urefu wake kikilingana na pua yenyewe, nikaenda kwa bibi nikapima, vikawa sawa. Kamera: usawa wa kifua, kidevu kinaonekana kidogo kutoka chini. Ukubwa: uso ulitosha kuvutwa mpaka saizi ya kalenda na bado nyusi zikahesabika. Hata weusi wa vivuli ulikuwa na ule wekundu kidogo wa karatasi za filamu zilizozeeka. Nikapiga meza. Katika maisha yangu yote ya kuunganisha waliotengana sijawahi kupata picha mbili zinazokubaliana hivyo. Na je, nilishangaa? Nilijipongeza. Nilijiambia, Vincent, wewe umezaliwa na jicho.

Nikaipa ya Gati nyota nne pia, na kwenye dosari nikaandika: vidole vya mpita njia begani, futa. Nikavifuta. Nilivifuta vizuri sana, nikachukua maua ya gauni kutoka bega la pili nikayapanda pale, usingejua. Kisha nikahamia kwa bibi na mkono wake usio na kiganja. Hapo nikakuna kichwa muda mrefu. Hatimaye nikamtafutia shada la maua ya plastiki, jekundu, nikalibandika mwisho wa mkono, ikawa kama anampa mtu maua. Bibi wa Morotonga, ambaye naamini hakuwahi kushika ua la plastiki maisha yake yote, sasa alikuwa anatunuku washindi.

Nikawasogeza karibu. Ukutani nyuma ya kila mmoja kulikuwa na mkanda wa rangi nyeusi, ule tunaopaka chini ya ukuta wa nyumba ya udongo. Nilipokuza nyuso zikalingana, mikanda nayo ikagusana, ikawa mmoja, bila mimi kufanya lolote. Hata hapo sikushtuka! Nilimwita Felistas aje aone.

Felistas alikuja anamenya karanga. Nikamweleza kivuli cha pua, nikamweleza usawa wa kamera, nikamweleza mkanda. Nikamwambia, kwa maringo ambayo nikiyakumbuka naona haya mpaka kwenye visigino, kwamba picha hizi zimekubaliana kama vile zilipigwa na mtu mmoja, mahali pamoja, siku moja.

Akatafuna karanga. Akaiangalia skani ya asili iliyokuwa imebaki wazi pembeni, yenye vidole. Akaangalia mkono wa bibi chini ya shada.

"Vincent," akasema, "labda zilipigwa na mtu mmoja, mahali pamoja, siku moja."

Ningependa kuandika kwamba nililijibu hilo kwa busara. Nilimwambia arudi kwenye soda. Halafu, alipotoka, nikarudisha yale niliyofuta, nikaondoa shada, nikazisogeza picha mbili za asili mpaka kingo za mkasi zikakutana. Mkasi ulikuwa butu, ulikuwa umeyumba katikati, na pale ulipoyumba kwa bibi ndipo ulipoyumba kwa Gati. Kifundo cha mkono kikaingia kwenye vidole vinne. Nilikuwa nimemfuta marehemu kiganja chake kwenye bega la mkamwana wake, na kumpa maua ya plastiki.

Nilikaa. Nakwambia kweli, machozi yalinitoka kidogo, na nikawa nacheka hapo hapo.

Kesho yake nikamwita Gati, safari hii nikauliza. Ikawa hivi. Alikumbuka kupigwa picha na Agustina, wiki za kwanza tu baada ya kuja, mpiga picha akipita na baiskeli. Lakini picha yenyewe hakuwahi kuiona. Alienda kujifungua, na alipouliza baadaye Agustina alimjibu kuwa imepelekwa Gorong'a, mama yake aione. Mama yake, Wankuru, alikuwa amelia sana ng'ombe wale walipopokelewa. Hakutaka binti yake aolewe na mwanamke. Alimwambia mumewe kwamba hataweka mguu wake kule, na kweli hakuweka. Miaka ikapita. Agustina alipokufa, Wankuru hakuja msibani. Alimtuma mdogo wake Gati wa kiume na bahasha, na ndani ya bahasha kulikuwa na ile picha, nusu. Bila neno. Gati aliifungua mbele za watu, Sylvester akiwa amesimama pale pale, akaona mama yake amemkata Agustina na kumrudishia yeye peke yake, siku ya mazishi. Ndiyo maana Sylvester alikuwa anasema anayoyasema. Ndiyo maana Gati aliiweka kifudifudi.

Nikamwonyesha kwenye kompyuta. Nusu ya pili haikuchomwa, nikamwambia, haikutupwa. Ilikuwa kwenye sanduku la Agustina mwenyewe, na Judith ndiye aliyeikuta.

Gati aligusa kioo cha kompyuta pale kwenye kiganja, na mimi ambaye huwafokea watu wakigusa kioo changu sikufoka. Kisha akaniuliza swali ambalo nyota zangu zote hazikuwa na jibu lake: nani alikata? Kama mama alimkata akamrudishia Agustina nusu yake, basi ni tusi mara mbili. Kama si mama, nani?

Nikamweleza kwamba picha inaweza kusema jua lilikuwa wapi, haiwezi kusema mkasi ulikuwa mkononi mwa nani. Lilikuwa jambo la kwanza la akili nililosema wiki ile nzima. Gati hakuwa amezungumza na mama yake tangu ile bahasha. Alitoka nje, akasimama kwenye kreti za soda, akampigia mdogo wake, akamwomba ampe mama simu. Hawakuzungumza hata dakika. Aliporudi ndani aliniambia kuwa mama amesema jambo hilo halisemwi kwenye simu, na papo hapo mama akakata simu.

Siku ya misa nilienda Morotonga na laptopu yangu begani, suti ya kahawia, na hotuba. Nilikuwa nimeiandaa siku mbili. Nilitaka kuwaonyesha wazee kwa mwanga na kivuli kwamba picha ile ni moja, haikuunganishwa, kwamba Agustina alimshika Gati bega kama mtu wake. Felistas alikuwa amenionya kwamba hakuna aliyeniomba. Nilimjibu kuwa ukweli hauombwi.

Padri alipomaliza na kuondoka, watu wakala, wazee wakavuta viti kivulini mwa nyumba. Mzee Simioni, ndugu mkubwa wa marehemu mume wa Agustina, ndiye aliyekuwa anaongoza. Sylvester akaanza. Alizungumza vizuri, sitamnyima hiyo. Alisema hana ubaya na Gati, ila mila ni mila, mama wa binti hakukubali, hajawahi kufika, na wote waliona siku ya mazishi alivyorudisha picha akiwa amemkata mama yao kama mtu anayeondoa mdudu kwenye ugali. Gati alikuwa amekaa chini na kina mama, Mogesi nyuma yake. Hakuinua uso.

Nikasimama mimi. Nikafungua laptopu. Nikatangaza kuwa kwa utaalamu wangu nitathibitisha kuwa Agustina na Gati walisimama pamoja, jua moja, kamera moja, siku moja.

Sylvester alingoja nimalize sentensi. Kisha akauliza kwa upole kama mimi si yule Vincent wa studio. Nikakubali. Akauliza kama si mimi niliyemvalisha mzee Simioni tai na kumsimamisha mbele ya ghorofa. Watu wakaanza kucheka. Mzee Simioni mwenyewe akacheka, maana picha ile iko sebuleni kwake na anaipenda. Mama mmoja akaongeza kwamba nilimweka mwanawe na simba. Mwingine akataja harusi ambayo bwana harusi hakufika lakini kwenye picha yupo. Nikajaribu kusema kivuli cha pua. Kicheko kikazidi. Kazi yangu yote ya maisha ilikuwa imesimama pale kunishuhudia, na ilikuwa inasema mimi ni mwongo. Siku moja tu nimekuja na picha ambayo sikuigusa, na mimi ndiye mtu wa mwisho wilaya nzima wa kuileta.

Nilimwangalia Gati. Hakuwa anacheka. Alikuwa amefumba macho, na hapo ndipo nilipoona kuwa badala ya kumsaidia nimempa Sylvester kitu cha kuchekesha watu. Nikafunga laptopu, nikakaa. Nilitamani ardhi inimeze, suti na yote.

Judith ndiye aliyeinuka. Alikuwa amekuja kutoka Busawe na ile nusu yake kwenye mkoba, karatasi yenyewe. Aliiweka kwenye kigoda mbele ya Mzee Simioni. Gati akatoa yake, akaiweka karibu. Judith akazisukuma kwa kidole mpaka zikagusana, na mkono ukafika begani. Hakuna aliyesema kitu kuhusu mwanga. Wazee waliinama wakaangalia, wakamwita aliyekuwa nyuma naye aangalie. Sylvester aliangalia pia. Akasema, sasa si kwa kelele, kwamba sawa, picha ilikuwa moja, hakuna aliyebisha. Lakini mtu alichukua mkasi akaikata, na huyo ni mama wa binti, na mkasi ule ndio jibu lake.

Gati alianza kuinuka, nafikiri alitaka kuchukua nusu yake aondoke.

Wakati huo pikipiki iliingia bomani. Mdogo wake Gati alikuwa anaendesha, na nyuma yake alikuwa amekaa mama mzee amevaa sweta juu ya gauni la kanisani, vumbi mpaka kwenye nyusi, fimbo mkononi. Alishushwa taratibu. Alisimama pale karibu na ng'ombe, hakusogea, maana mama wa binti hasogei tu hadi nyumbani kwa wakwe bila kukaribishwa. Tangu binti yake aje pale, ilikuwa mara ya kwanza kuliona.

Wazee walimsalimu, vijana tukasema shikamoo. Mzee Simioni akamwambia kwamba wako kwenye jambo linalomhusu, na kama ana neno aseme hapo hapo aliposimama.

Wankuru hakuwaangalia wazee. Alimwangalia Gati. Alizungumza Kikurya, polepole, na mimi naweka hapa nilivyosikia.

"Picha hii aliikata Agustina," alisema. "Alikuja kwangu Gorong'a kwa miguu, mimi nikamfungia mlango. Akakaa nje mpaka jua likapanda. Nilipofungua alikuwa na picha na mkasi wa kushonea. Akaikata mbele yangu, akanipa upande wa mtoto. Akasema, huu wangu naenda nao, siku ukimtaka mwanao uje na huo wako tuunganishe."

Alipangusa vumbi machoni kwa mkono wa sweta.

"Sikuja. Kila mwaka nilisema mwaka kesho. Nikasikia amekufa, nikaona aibu kuja mikono mitupu, nikatuma upande wangu uje uunganishwe. Sikujua hamjui."

Gati alikuwa amesimama katikati ya kina mama, mikono imeshika kanga. Hakumkimbilia mama yake, kwetu haifanywi hivyo mbele ya wazee. Lakini aliita, "Mama," mara moja tu, na sauti ile sitaki kuieleza.

Mimi nilikuwa nasubiri hukumu. Nilidhani wazee watajadili, watauliza, pengine hata wataniita kuhusu kivuli. Mzee Simioni aliziangalia tena zile karatasi mbili kwenye kigoda, kisha akamwangalia yule mama aliyesimama na ng'ombe, vumbi mwili mzima, na akaona aibu, niliiona usoni mwake. Akamgeukia Sylvester.

"Mbona mkwe wetu anasimama?" akasema. "Mpe kiti."

Kina mama walilisikia neno hilo, mkwe, na mmoja akapiga kigelegele kifupi, wengine wakamfuata. Sylvester alilisikia pia. Kisha akainuka, akatafuta kiti kwa macho, na cha karibu kilikuwa nilichokalia mimi. Niliinuka haraka kabla hajaniomba, laptopu ikaanguka kwenye majani. Akakibeba kiti, akakipangusa kwa mkono wake mwenyewe, akavuka ua wote nacho mpaka kwa ng'ombe, akamwekea Wankuru. Mama akakaa.